Dola 1,600 za kwenye skrini

Jamaa yangu mmoja wa Dar es Salaam hununua opsheni za hisa za Marekani kwa simu. Jioni moja alinionyesha akaunti yake: dola 1,600. Nikamwuliza, ukiuza sasa hivi utapata ngapi? Akanishangaa. Si hizo hizo 1,600?

Opsheni ni mkataba unaokupa haki ya kununua hisa kwa bei mliyopatana, hadi tarehe fulani. Zipo pia za haki ya kuuza, lakini zake zilikuwa za kununua. Hisa yenyewe ilikuwa dola 52, mkataba wake ulikuwa wa bei ya dola 60, na ulibakiza miezi mitatu. Alikuwa na mikataba kumi, na kwa kawaida kila mkataba hubeba hisa 100, kwa hiyo senti moja kwenye bei ni dola kumi mfukoni mwake.

Tulifungua ukurasa wa bei. Chini ya Bid, yaani bei ambayo kuna mtu yuko tayari kununua, paliandikwa 1.20. Chini ya Ask, bei ambayo kuna mtu yuko tayari kuuza, 2.00. Ni kama ubao wa duka la kubadilisha fedha, wenye bei ya kununua na bei ya kuuza, ila hapa pengo ni pana mno. Dalali alizijumlisha bei zote mbili, akagawa kwa mbili, akapata 1.60. Hiyo ndiyo bei ya katikati, na ndiyo iliyozaa zile dola 1,600. Kwa bei hiyo hakuna aliyejitokeza kununua. Waliojitokeza walitoa 1.20, yaani dola 1,200 kwa mikataba yote, kabla ya ada.

Hapo akakumbuka jambo lililomkera siku aliponunua. Alilipa 2.00, na papo hapo akaunti ikaandika hasara ya dola 400, hali hisa haijasogea hata senti. Alidhani amekatwa ada ya siri. Kumbe alinunua kwa bei ya muuzaji, na dalali akamthaminia kwa bei ya katikati. Nusu ya pengo aliilipa siku ile, na nusu ya pili inamsubiri mlangoni siku ya kutoka.

Simlaumu dalali. Angetumia bei ya biashara ya mwisho, mkataba kama huu unaweza kukaa siku nzima bila kuuzwa, na bei yake ikawa ya jana, kabla hisa haijapanda au kushuka. Bei za wanunuzi na wauzaji, kwa upande wake, hubadilika kila hisa inaposogea, hata kama hakuna anayefanya biashara. Katikati yao ni makadirio ya haki pengo likiwa dogo. Kwenye opsheni zinazouzwa kwa wingi pengo huwa senti chache tu, na hapo tofauti huihisi kwa shida.

Makadirio huharibika zaidi soko likifungwa. New York hufunga saa kumi jioni kwao, ambayo kwetu ni saa tano usiku majira yao ya joto, na saa sita usiku majira ya baridi. Wafanyabiashara wakubwa wanaoweka bei pande zote mbili huziondoa au huzitawanya. Usiku mmoja jamaa yangu aliona 0.10 upande mmoja na 4.90 upande wa pili. Katikati ni 2.50, na akaunti ikasoma dola 2,500. Alilala tajiri. Asubuhi hisa ilikuwa pale pale, na soko lilipofunguliwa jioni namba ikarudi ilikotoka.

Aliyeuza opsheni asiyokuwa nayo husumbuliwa kinyume chake. Akaunti humhesabia deni kwa 1.60, lakini akitaka kujiondoa lazima anunue, na muuzaji anadai 2.00.

Alipoamua kuuza, nilimsihi asibonyeze oda ya kuuza kwa bei yoyote itakayopatikana, kwani hiyo ingemtupa moja kwa moja kwenye 1.20. Aliweka oda yenye kikomo cha 1.60. Dakika kumi, kimya. Akashusha hadi 1.55, kisha 1.50, maana mkataba ule ulipangiwa bei kwa hatua za senti tano. Kwa 1.45 oda ikashikwa yote kwa mpigo. Zikaingia dola 1,450, chini ya alichokuwa akikisoma kwa dola 150, lakini juu ya alichokuwa akipewa kwa dola 250.