Usiguse Dakika ya 31

Filamu ya dagaa ilinifikia ikiwa diski mbili zilizofungwa pamoja kwa mpira, na karatasi mbili zilizochapwa pande zote. Dada aliyekuwa akiihariri alikuwa amepata kazi nyingine na basi lake lilikuwa linaondoka alfajiri. Filamu yenyewe ilikuwa ya dakika 52, kuhusu wavuvi wa usiku wa Ziwa Victoria, na picha zilizopigwa zilifika saa 38. Nilidhani karatasi zile ni adabu tu ya kuagana. Nikaziweka kando, nikafungua kompyuta.

Kwa saa nzima sikuona chochote ila ukurasa mwekundu wenye maneno `Media offline`.

Hilo lilikuwa kwenye mstari wa kwanza wa karatasi, kama ningeusoma. Programu ya kuhariri haimezi picha. Inaandika tu anwani: klipu hii iko kwenye diski fulani, folda fulani. Kwenye kompyuta yake diski ilijulikana kama `E:`, kwangu ikajiita `F:`, na anwani zote zikawa za nyumba iliyohama. Alikuwa ameandika: “Mdogo wangu, ikikuletea wekundu usihamishe faili hata moja. Ielekeze klipu moja ya `SIKU_01`, nyingine zitafuata zenyewe.” Nilifanya hivyo, zikafuata. Kama ningeanza kupanga upya folda kwa akili yangu, ningezikata zote na mama yao.

Hapo ndipo nilipokaa kitako kuisoma.

Sehemu ya kwanza ilikuwa ya bini. Neno hili wahariri wamelirithi kutoka enzi za filamu za utepe, walipokuwa wakikata vipande kwa mkono na kuvining'iniza kwenye vipini juu ya pipa lililotandikwa kitambaa ndani, ili utepe usikwaruzike. Programu za kompyuta zilipokuja, jina lilibaki. Bini leo ni kapu ndani ya mradi, unamokusanya klipu za aina moja. Kapu hilo halilingani na folda iliyoko kwenye diski. Folda zake zilipangwa kwa siku na kadi ya kamera, kama zilivyotoka mwaloni. Bini zilipangwa kwa namna anavyofikiri mtu anayetafuta picha: `01_MAHOJIANO`, `02_ZIWA_USIKU`, `03_MWALONI`, `04_SAUTI`, `05_MUZIKI`, `06_MATOLEO`. Namba zimetangulizwa kwa sababu programu hupanga majina kwa alfabeti, na bila namba mahojiano na matoleo yangekaa jirani bila sababu yoyote.

Bini ya mwisho ndiyo iliyonisimamisha. Iliitwa `90_USITUMIE`. Nilipoifungua nilikuta picha nzuri kuliko nyingi zilizotumika: mzee anayewasha taa kwenye mtumbwi, uso wake ukitokeza gizani polepole. Mhariri yeyote angesema huyu dada alichoka, akaisahau. Karatasi ilieleza: mzee alikubali kupigwa picha, baadaye familia yake ikaomba asionekane, na ombi likakubaliwa. Picha hazikufutwa kwa kuwa sauti ya maji iliyonaswa pamoja nazo ilikuwa bado inatumika mahali pawili. “Sauti tumia. Uso hapana.” Ndani ya programu hakuna kitu ambacho kingeniambia hayo. Jina la bini lenyewe lilinikataza bila kunipa sababu, na mhariri mwenye haraka haoni tabu kuvunja katazo asilolijua chanzo.

Kisha matoleo. Nimefanya kazi na watu ambao mafaili yao yanaitwa `FINAL`, `FINAL_2`, `FINAL_KWELI`, na moja nililoliona kwa macho yangu, `FINAL_MUNGU_SAIDIA`. Yeye aliandika `DAGAA_v11`, `DAGAA_v12`, mpaka `v14`, na hakuna neno la mwisho popote. Lakini namba peke yake haitoshi. Karatasi ilitaja kila toleo lilionwa na nani, na hapo paliniokoa siku mbili za kazi.

Kituo cha televisheni kilichokuwa kinasubiri filamu kilikuwa kimetuma maoni 19, kila moja na dakika yake. Waliyatoa wakitazama v11, yenye urefu wa dakika 53 na sekunde 15. Katika v12 dada alikata kipande cha dakika 1 na sekunde 40 kwenye dakika ya 9, filamu ikabaki 51:35. Katika v13 akaongeza sekunde 25 kwenye dakika ya 40, ikatimia 52:00 kamili. Toleo la v14 halikubadili urefu. Sasa chukua maoni yaliyosema “23:10, jina la kisiwa limeandikwa vibaya.” Ukienda 23:10 ya v14 unakuta mama anaanika dagaa, wala hakuna maandishi. Ondoa 1:40 upate 21:30, na hapo ndipo jina lilipokosewa. Maoni ya 45:00 yanahitaji hesabu mbili: toa 1:40, ongeza 0:25, unafika 43:45. Maoni ya kabla ya dakika ya 9 hayahitaji hesabu. Bila historia hiyo ningesahihisha sehemu zisizo na kosa, na penye kosa ningepita nikipiga mluzi.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa viporo, na ndio uliokuwa na thamani kuliko yote. Mstari wa muda, au taimlaini kama tunavyouita kazini, unaonyesha kilichofanyika. Hauonyeshi kilichoachwa nusu, wala hautofautishi kati ya kasoro na uamuzi. Pengo linaweza kuwa la makusudi. Kipande kilichotulia kabisa kinaweza kuwa bomu: muziki wa dakika ya 17 ulikaa vizuri mno, na karatasi ikasema umewekwa kwa muda tu, hatuna haki ya kuutumia, lazima utoke.

Kiporo kilichonitoa jasho kilikuwa klipu ya `simu_014`. Usiku mmoja kamera kuu iliingia maji, wakamhoji nahodha kwa simu. Mahojiano ya dakika 12, mazuri, yamekatwa na kutumika sehemu tisa. Tatizo ni kwamba simu nyingi hazipigi fremu kwa mwendo mmoja. Mwanga ukipungua au simu ikipata moto, fremu huja kwa kuchelewa kidogo, halafu huharakisha. Sauti haifanyi hivyo. Inarekodiwa kwa kasi ileile mwanzo hadi mwisho. Programu ya kuhariri ikichukulia kuwa fremu zimepishana sawasawa, picha na sauti huanza pamoja kisha huachana taratibu, kama watu wawili wanaotembea kwa hatua zisizolingana.

Ukitazama dakika ya kwanza tu hutaliona tatizo. Unatakiwa kulinganisha mwanzo na mwisho wa klipu, ukiangalia herufi zinazofunga midomo, p, b na m. Mwanzoni nahodha alifunga midomo na “m” ikasikika papo hapo. Mwishoni sauti ilichelewa fremu 10. Filamu yetu ina fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo ni karibu nusu sekunde. Mtazamaji hawezi kusema kuna nini, ila anaanza kumshuku nahodha. Programu ndogo ya kukagua faili, MediaInfo, ilithibitisha kwa neno moja kwenye mstari wa `Frame rate mode`: `Variable`.

Dada, akiwa amebanwa na tarehe, alikuwa ameisogeza sauti kwa mkono mahali patatu palipoonekana vibaya zaidi: fremu 3, fremu 6, fremu 9. Aliandika dakika ya kila sehemu, kisha akaongeza onyo lililonifanya nimheshimu: “Hii ni plasta tu. Dawa ni kuibadilisha faili yenyewe. Lakini ukiibadilisha, kwanza ondoa plasta zangu, la sivyo sauti itatangulia picha kwa fremu zilezile.”

Fikiria mtu asiyejua hilo. Anatengeneza faili jipya lililo sahihi, analiweka, anatazama, na sehemu tatu zimeharibika ambazo jana zilikuwa sawa. Atalaumu faili jipya, atarudisha la zamani, na tatizo litabaki hapo milele.

Mimi nilianza kwa kurudisha sauti mahali pake kwa hizo fremu 3, 6 na 9. Kisha nikaandika upya faili kwa mwendo mmoja wa fremu 25:

```
ffmpeg -i simu_014.mp4 -vf fps=25 -c:v prores_ks -profile:v 1 -c:a pcm_s16le -ar 48000 simu_014_25.mov
```

Amri hii huacha au hurudia fremu pale inapobidi ili saa ya picha ilingane na saa ya sauti. Faili jipya huvimba mara kadhaa, na picha yenye mwendo wa kasi inaweza kuonekana ikikwama kidogo. Kwa mtu aliyeketi anazungumza, haionekani. Sikutumia njia ya mkato ya kubadilisha klipu zote kwa mpigo, kwa kuwa faili la zamani na jipya hazina idadi sawa ya fremu na nilihofia mikato ingehama. Niliweka sehemu zote tisa moja baada ya nyingine, nikizilinganisha kwa neno la kwanza na la mwisho. Ilinichukua mchana mmoja.

Kiporo kimoja sikuweza kukimaliza mezani. Picha ya taa zikiwa zimetapakaa ziwani, iliyotakiwa kufungua filamu, ilikuwa na michirizi, na ilibidi irudiwe. Kando yake dada alikuwa ameandika kwa kalamu: “Usimtume mpiga picha kabla hujatazama mwezi.” Wavuvi wa dagaa huvutia samaki kwa taa gizani; mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazina nguvu, na wengi hupumzika. Tulisubiri siku kumi na moja.

Filamu ilipokwenda kwa fundi wa sauti, nilimpa nakala ya karatasi zile, na viporo vyangu viwili nimeviongeza chini kwa mkono. Kesho yake akanipigia simu.

“Kaka, dakika ya 31 picha imekatika. Sekunde nne nyeusi kabisa. Nikuandalie kitu cha kufunika?”

Nikamwambia afungue ukurasa wa pili, mstari wa saba. Nikamsikia akisoma taratibu: “31:06 hadi 31:10, giza ni la makusudi. Hapo taa ya mtumbwi inazimwa. Acha maji yasikike.”

Akanyamaza kidogo. “Basi nayapandisha maji,” akasema.