Ukiona meno usiseme ni msumeno: Angalia kitako kwanza

Picha ilikuwa moja tu. Mashine ya kijani juu ya meza, diski ya meno inang'aa mbele, na chini yake maneno haya: "Msumeno wa umeme, kali sana, Sh3,500." Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, nafanya kibarua kwa karakana ya fanicha pale Gikomba, na nilikuwa natamani sana mashine yangu mwenyewe ya kupasua mbao. Nikatuma pesa kwa simu. Kilichofika kilikuwa grainda.

Fundi aliyekuwa ananifunza kazi aliishika, akafungua nati, akatoa ile diski na kuiweka kando. "Kijana," akaniambia, "wewe umenunua meno. Hukuangalia mashine."

Na hapo ndipo wengi wetu huteleza tukinunua vitu kwa picha. Jicho linakimbilia bledi, kwa sababu ndiyo inayong'aa. Lakini bledi ni kitu cha kufungwa na kufunguliwa, mtu anaweza kuweka yoyote apendayo. Mwili wa mashine hauwezi kubadilishwa hivyo. Kwa hivyo ukipata picha, funika bledi kwa kidole gumba kisha ujiulize swali moja: hii mashine ina kitako?

Kitako ni kile kipande bapa cha chuma kilicho chini, kinacholala juu ya mbao fundi akisukuma mashine. Jigso inacho. Msumeno wa duara, ule mafundi huita sakyula, unacho. Randa ya umeme inacho pia. Grainda haina. Hiyo yangu haikuwa nacho, na ilionekana wazi kabisa kwenye picha, ni vile tu sikujua kuangalia.

Mwili wa grainda ni kama tochi nene. Unaushika kwa nyuma, na mbele kuna kichwa cha chuma ambacho diski imefungwa chini yake kama sahani. Ubavuni mwa hicho kichwa kuna tundu la kufungia mpini wa pili, ili mikono yote miwili iwe kazini. Ukiona umbo hilo, hata kama diski ina meno makubwa kama ya mamba, hiyo ni grainda.

Sasa zile tatu zenye kitako. Toa kidole, uangalie bledi inatokea wapi.

Jigso ina bledi nyembamba iliyonyooka, inayoning'inia mbele kama kidole. Haizunguki, inapanda na kushuka kama sindano ya cherehani. Kitako chake kimekatwa nafasi mbele ili bledi ipite. Hii ndiyo ya kukata mikunjo, kwa mfano shimo la sinki kwenye plaiwudi. Muuzaji akipiga picha bila bledi, itafute hiyo nafasi mbele ya kitako na mpini wa juu ulio kama wa pasi.

Sakyula ina bledi ya duara inayosimama wima kando ya mwili na kupenya kitako kwenda chini. Mota yake imechomoza upande mmoja, kwa hivyo ukiitazama kutoka mbele inaonekana kama imeegemea. Nyingi za saizi ya kawaida hubeba diski ya milimita 185.

Randa ya umeme ndiyo huwachanganya watu zaidi, kwa sababu ukiitazama kutoka juu huoni bledi yoyote. Visu vyake vimefungwa kwenye ngoma iliyojificha chini, katikati ya kitako. Ila ina alama mbili za kuitambua. Mbele juu kuna kirungu cha kuzungusha chenye namba, cha kuchagua unene wa kuparuza, na ubavuni kuna mdomo wa kutemea maranda. Omba picha ya chini, utaona kitako kimegawanyika vipande viwili, na ule mwanya wa visu katikati. Nyingi zina upana wa milimita 82.

Baada ya mwili na bledi, kinga ndiyo inayothibitisha. Kinga ya grainda ni nusu duara ya chuma inayofunika upande wa mshikaji, na haisogei yenyewe. Sakyula ina mbili: ya juu imetulia, ya chini ina springi. Ukisukuma mashine kwenye mbao, ya chini inarudi nyuma, na ukiinua inajifunga mara moja. Ndiyo maana ukiona picha ya sakyula imekaa mezani na meno yako wazi chini ya kitako, kuna shida. Labda mtu ameifunga kinga kwa waya, ama springi imekufa. Jigso mara nyingi ina kiwaya au plastiki angavu tu mbele ya bledi. Randa nyingi zina kiguu kidogo nyuma kinachoinua visu visiguse meza ukiiweka chini.

Utauliza, si basi ningetumia tu hiyo grainda na meno yake nikate mbao? Fundi alinionyesha kibati kilichobandikwa ubavuni. Kilikuwa kimeandikwa no 11000/min, yaani diski inazunguka mara 11,000 kwa dakika. Sakyula ya milimita 185 huzunguka takriban 5,000. Kisha tukaangalia diski yenyewe, na kasi ya juu iliyochapishwa ilikuwa 8,000. Haikuwa imetengenezewa mashine hiyo. Tena ilikuwa kubwa kuliko diski ya grainda hiyo ya milimita 115, ndiyo maana muuzaji alikuwa ametoa kinga. Isingetoshea.

Mbao nayo ina tabia ya kujibana ukiikata. Meno yakikwama, sakyula ina kitako kinacholala juu ya mbao na kinga inayojifunga. Grainda haina cha kuegemea. Inaruka na kumrudia aliyeishika, diski ikiwa bado inazunguka.

Niliposaka sakyula mara ya pili, nilipata picha nzuri: kitako kipo, mota imechomoza kando, mpini juu. Lakini meno yalikuwa wazi chini. Nikamwandikia muuzaji, "Boss, naomba picha ya chini, picha ya kibati, na video fupi ukivuta kile kiwiko cha kinga na kukiachilia bila kuchomeka mashine kwa stima." Kibati kilisema 5000/min na 185 mm, sawa. Kwenye video, kinga ilirudi nusu tu ikakwama. Wakati mwingine ni unga wa mbao na utomvu tu, ukisafisha inaachia. Nikaenda kuiona, tukaisafisha kwa brashi, bado ikakwama palepale. Nikamshukuru, nikashika matatu ya kurudi.

Ya tatu ndiyo niliyonunua. Kwenye video, kinga ilijifunga kwa mlio mmoja, tap.

Na ile grainda ya kijani? Niliinunulia kinga yake na diski nyembamba ya chuma ya milimita 115. Sasa inakata vyuma vya miguu ya meza, kazi iliyotengenezewa.