Mapitio ya Kazi Tangulizi: Hoja Mbele, Majina Nyuma

Fungua sura ya pili ya tasnifu nyingi za uzamili, utakuta aya zimepangwa kwa majina: huyu alichunguza, yule alibaini, mwingine akaongeza. Kila kazi imefupishwa kwa uaminifu, ila hazisemezani. Kuipima sura ya namna hiyo si vigumu. Hamisha aya ya tano iwe ya kwanza; kama hakuna kilichoharibika, ulichoandika bado ni muhtasari.

Tuchukue mjadala wa lugha ya kufundishia katika sekondari za Tanzania. Mwanafunzi ana kazi tatu mezani: Mlama na Matteru (1978), Criper na Dodd (1984), Roy-Campbell na Qorro (1997). Kabla ya kuandika, achore jedwali. Kila kazi ipate mstari wake, na juu ya safu aandike maswali: wameona tatizo gani, wamelipimaje, wanapendekeza nini? Jedwali hilo likisomwa kwa kuvuka hutoa muhtasari. Likisomwa kwa kushuka, safu moja baada ya nyingine, waandishi wanaanza kujibizana.

Safu ya tatizo inaonyesha kwamba wote wanakubaliana: wanafunzi wengi hawana Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo. Ukishuka safu ya mapendekezo, makubaliano yanavunjika. Mlama na Matteru wanataka Kiswahili kitumike. Criper na Dodd, ambao majaribio yao ya kusoma yalionyesha hali mbaya, wanashauri Kiingereza kibaki na ufundishaji wake uimarishwe. Hapo ndipo penye uhondo, na hapaonekani kamwe ukisoma kazi mojamoja. Sasa aya inaweza kuanza hivi: “Watafiti hawabishani kuhusu hali ya Kiingereza madarasani, wanabishana kuhusu tiba yake (Mlama na Matteru, 1978, Criper na Dodd, 1984).” Hoja imetangulia, majina yameingia kwenye mabano kama mashahidi.

Kisha uliza sababu. Jaribio la kusoma Kiingereza linaonyesha mwanafunzi yuko mbali kiasi gani na lugha hiyo, lakini halionyeshi angejifunza nini kwa lugha nyingine. Pengo la utafiti linajitokeza lenyewe: madarasa ya lugha zote mbili yalinganishwe. Mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002, ulifanya ulinganishi wa aina hiyo, kwa hiyo unaingia hapa kwa sababu unajibu swali, wala si kwa sababu mwaka wake umefika.

Wengi huteleza wanapobadilisha vichwa tu. Wanaandika “Mitazamo kuhusu Kiingereza,” halafu chini yake foleni ya majina inarudi kama zamani. Kichwa cha namna hiyo ni kapu, hakidai lolote. Basi kabla hujampelekea msimamizi sura yako, soma sentensi ya kwanza ya kila aya peke yake. Kisha tazama kila kazi kubwa imetajwa mara ngapi: kama kila moja imetokea mahali pamoja tu, rudi kwenye jedwali.