Helmeti Pichani: Anza na Mkanda, Malizia na Povu

Wauzaji wa helmeti kwa njia ya simu karibu wote hupiga picha ileile. Helmeti imegeuzwa upande kidogo, kioo kimefungwa, gamba limefutwa mpaka linawaka. Picha hiyo haimfai mnunuzi. Kinachokinga ubongo zaidi ni povu gumu lililo kati ya gamba na vitambaa vya ndani, jamii ya lile linalofungia televisheni ndani ya boksi, ila hili limebanwa zaidi. Kichwa kinapogonga lami, povu hupondeka, na katika kupondeka humeza nguvu ya pigo ili kichwa kisisimame ghafla. Likishapondeka halirudi lilivyokuwa. Gamba la plastiki lililo juu yake linaweza kunepa kisha likarudi umbo lake, likabaki na mkwaruzo tu. Ndiyo maana helmeti iliyokwisha kazi huweza kupita barabarani ikionekana nzima kabisa.

Kwa hiyo mtu akitaka nimwangalizie helmeti kwa picha, naomba picha za mahali patatu: lebo iliyo kwenye mkanda wa kidevuni, gamba likimulikwa kwa ubavu, na povu la ndani baada ya vitambaa kuvuliwa. Picha zitumwe kama dokumenti, kwa sababu WhatsApp hubana picha ya kawaida na maandishi madogo ya lebo hufifia.

Nichukue mfano wa kijana anayeendesha bodaboda Morogoro. Alinitumia picha za helmeti mbili: moja nyeusi iliyotumika, inayouzwa Dar es Salaam, na nyingine yake mwenyewe anayoivaa kila siku. "Kaka, niichukue hii nyeusi niachane na yangu?"

Ile nyeusi ilikuwa ya kufunika uso mzima, na sehemu ya kidevu imeungana na gamba, haifunguki. Nyuma ilikuwa na stika ya herufi tatu, DOT. Herufi hizo hutokana na Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, na wengi hapa kwetu huzichukulia kama muhuri wa mwisho. Lakini utaratibu wa Marekani humwachia mtengenezaji ajithibitishie mwenyewe kwamba bidhaa yake imefikia kiwango. Serikali hununua baadhi madukani na kuzipima baadaye. Stika yenyewe huuzwa kwa bei ya pipi. Tangu Mei 2013 sheria yao inataka stika ionyeshe zaidi ya herufi tatu: jina la mtengenezaji, jina la modeli, namba ya kiwango iliyoandikwa `FMVSS No. 218`, na neno `CERTIFIED`. Stika ya helmeti nyeusi haikuwa na lolote kati ya hayo. Basi kulikuwa na mambo mawili tu. Ama stika ilinunuliwa ikabandikwa, ama helmeti ilitengenezwa kabla ya 2013, na hiyo ingekuwa imezeeka mno. Kwa njia yoyote haikufaa.

Hata hivyo nilitaka kuona mkanda, kwa sababu hapo ndipo helmeti zilizopimwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa, Kanuni ya 22, huwekewa lebo yao ya kitambaa iliyoshonwa. Lebo hiyo ina duara lenye herufi E na namba ya nchi iliyotoa kibali: E1 ni Ujerumani, E3 Italia, E4 Uholanzi. Namba hiyo haisemi helmeti ilitengenezwa wapi. Kiwanda kinaweza kuwa China na kibali kikawa cha Uholanzi, na hakuna kosa hapo. Chini ya duara kuna mfululizo wa tarakimu. Mbili za kwanza hutaja toleo la kanuni, 05 au 06. Toleo la 06 ndilo jipya, na limeongeza vipimo vya mapigo ya mshazari yanayozungusha kichwa. Helmeti ya 05 bado ni helmeti halali, ila kwa soko la Ulaya uzalishaji wake ulikoma mwaka 2024 ulipoanza, hivyo mtu akikuuzia ya 05 kama iliyotoka kiwandani mwaka huu, mwulize vizuri.

Baada ya tarakimu hizo unakuja mkwaju, kisha herufi, na herufi hii ndiyo wengi hawaijui. J maana yake helmeti haina kinga ya sehemu ya chini ya uso. P maana yake sehemu ya kidevu ipo na imepimwa. NP maana yake sehemu ya kidevu ipo lakini haikingi: ni pambo au kizuia upepo. Zile za kunyanyua kidevu zinaweza kuandikwa P/J, kwa sababu zimepimwa zikiwa zimefungwa na zikiwa wazi.

Muuzaji alipotuma picha ya mkanda, lebo ilisoma 05, na baada ya mkwaju kulikuwa na J. Helmeti ya kufunika uso mzima, isiyofunguka, ina lebo ya helmeti ya uso wazi! Nilivuta picha nikatazama mshono. Uzi wa lebo ulikuwa mweupe na mpya, ilhali uzi wa mkanda ulikuwa mweusi uliopauka. Lebo ilikuwa imetolewa kwenye helmeti nyingine ikashonwa pale. Nikamwambia asitume hata nauli ya basi.

Helmeti nyingi zinazotoka India hubeba alama ya ISI. Hapo tafuta `IS 4151` juu ya alama, hiyo ikiwa namba ya kiwango cha helmeti za pikipiki, na namba ya leseni inayoanza na `CM/L` chini yake. Alama ya ISI iliyo peke yake, bila namba hizo mbili, ni mchoro tu. Alama ya TBS au KEBS nayo ina maana pale tu inapoendana na bidhaa iliyo mkononi. Ukiitilia shaka, shirika lenyewe ndilo la kuulizwa, si mwenye duka.

Lebo ikisumbua kusomeka, omba picha ya helmeti ikiwa juu ya mizani ya dukani. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani inaeleza kwamba helmeti zinazofikia kiwango chao huwa na uzito wa karibu kilo 1.4 na povu la unene wa karibu sentimita 2.5, na zile za bandia mara nyingi huwa na nusu kilo au pungufu. Helmeti nyingine nzuri ni nyepesi kuliko kilo 1.4, kwa hiyo gramu chache zisikutie hofu. Lakini ya nusu kilo iweke chini.

Sasa helmeti yake mwenyewe. Lebo ilikuwa sawa: P kwenye helmeti ya uso mzima, mshono wa zamani kama mkanda. Picha ya kwanza ya gamba, iliyopigwa mchana mwanga ukitoka mbele, haikuonyesha kitu. Nikamwomba asubiri giza, aweke tochi ya simu nyingine ubavuni mwa helmeti, karibu kabisa na gamba, mwanga uteleze juu yake, halafu apige tena. Mwanga wa ubavu huonyesha bonde na ufa kwa kivuli chake. Picha ya pili ilionyesha mkwaruzo mpana upande wa kulia juu ya sikio, na nyufa nyembamba zilizosambaa kutoka kwenye ribiti inayoshika mkanda.

Nyufa za kwenye ribiti zilinisumbua zaidi ya mkwaruzo. Mkanda ukichomoka hapo, helmeti huruka kabla kichwa hakijafika chini. Nilimwuliza kama imewahi kupakwa rangi. Ndiyo, ilipakwa kijiweni ili wote wafanane, na fundi aliisafisha kwanza kwa thina. Thina na petroli hudhoofisha plastiki ya aina ya polikaboneti, na mahali penye mvutano, kama kwenye tundu la ribiti, ndipo nyufa hutangulia. Rangi mpya hufunika nyufa hizo kwa muda. Dalili ya kupakwa upya huonekana pichani kwa urahisi: rangi imegusa mpira wa ukingoni, au imejaa ndani ya matundu ya hewa. Helmeti ya kiwandani haiwi hivyo. Magamba ya faiba hujeruhika kwa namna nyingine, hutoa alama nyeupe kama nyota mahali nyuzi zilipoachana.

Kisha akavua vitambaa na kupiga picha ya ndani. Povu lililo zima huonyesha chembe zake za mviringo, au uso laini usio na mikatiko iwapo limepakwa rangi nyeusi. Ufa juu ya rangi hiyo hujitokeza kama mstari mweupe. Ndani ya helmeti yake kulikuwa na mashimo mawili madogo utosini, ya kina kama cha ncha ya kidole. Hayo yalitokana na kuitundika kwenye saitimira: kila akiegesha, ncha ya kioo hubonyeza povu palepale. Na upande wa kulia, juu ya sikio, povu lilikuwa na bapa linalong'aa lenye nyufa ndogo. Bapa hilo lilikuwa sambamba na mkwaruzo wa nje. Hapo ndipo ninapokata shauri: alama ya nje ikipata mwenzake ndani, helmeti ile imekwisha pokea pigo ikiwa na kichwa ndani yake. Alipoulizwa alikumbuka kuanguka wakati wa mvua, akainuka bila maumivu, akaendelea na kazi.

Helmeti ikidondoka tupu kutoka kwenye siti mara nyingi haiharibiki kiasi hicho, kwa sababu hakuna kichwa cha kulibana povu kutoka ndani. Hiyo ichunguzwe, lakini isitupwe kwa hofu tu. Iliyoanguka pamoja na mvaaji ibadilishwe, hata kama picha hazionyeshi kitu, kwa kuwa povu linaweza kupondeka chini ya uso wake bila kuacha alama. Picha inaweza kuikataa helmeti, kuipitisha haiwezi. Haionyeshi kama imekaza kichwani mwako, wala kama mkanda unashika ukivutwa, wala historia ya mtu aliyeivaa kabla. Hivyo vinataka mkono.

Kuhusu umri, taasisi ya Snell ya Marekani hushauri kubadilisha baada ya miaka 5, kutokana na jasho, mafuta ya nywele na uchakavu wa kawaida. Tarehe ya kutengenezwa huwa kwenye lebo iliyo ndani, chini ya kitambaa au nyuma ya shingo, nayo iombewe picha yake. Kwa dereva wa bodaboda anayeshinda juani, na kwa helmeti ya abiria inayopita vichwa vingi kwa siku, mimi nisingesubiri miaka hiyo yote itimie.

Kijana alinunua mpya, ya 06, yenye P. Ile ya zamani nilimwomba asiigawe wala kuiacha kijiweni, kwa sababu kuna mtu angeiokota na kumvalisha abiria. Aikate mkanda kwa kisu pande zote mbili karibu na ribiti, ndipo aitupe.