Lundo la Namba Hujengwa Kutoka Chini

Mwaka 1964 Robert Floyd alionyesha jinsi ya kugeuza safu ya namba zilizovurugika iwe lundo, yaani mti ambao hakuna mzazi aliye mdogo kuliko wanawe wawili. Unaanza na mzazi wa mwisho, unarudi hadi kileleni. Mzazi aliyezidiwa hubadilishana nafasi na mwana mkubwa zaidi, kisha huendelea kushuka.

Chukua namba 15. Nane za chini hazina watoto, hazishuki popote. Nne zilizo juu yake hushuka hatua 1 tu, mbili hatua 2, ya kileleni 3. Jumla haizidi 11, kwa kuwa walio wengi hawana pa kwenda. Ukiziingiza moja moja zipande, wengi ndio husafiri mbali: hatua zaweza kufika 34. Kwa namba n, hatua za Floyd hazifiki n kamwe.