Maneno Yafananayo Yasiyo Ndugu

Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua shule zifundishe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Hivyo wako wazazi wa Kabeza, mjini Kigali, waliosoma kwa Kifaransa na ambao jioni husahihisha mazoezi ya Kiingereza ya watoto wao.

Tutazame zoezi moja la kuoanisha maneno. Kushoto pameandikwa “library”, “bookshop” na “table”. Kulia “librairie”, “table” na “bibliothèque”. Jicho huunganisha upesi “library” na “librairie”. Kumbe “librairie” ni duka la vitabu, na “library” ni maktaba, yaani “bibliothèque”. Kosa hilo huzaa la pili, kwani “bookshop” hubaki na “bibliothèque”. Mabaki yasiyopatana ndiyo dalili.

Basi, ndugu mzazi, mwambie mtoto aanze na “bookshop”, neno lisilofanana na lolote. Amwulize nafsi yake: je, hapo vitabu hununuliwa au huazimwa? Yafananayo yangoje mwisho. Wala asiyakatae yote, kwa maana “table” ni meza katika lugha zote mbili.