Mwisho wa Oda ni Lini?

Siku ya Mama Duniani huadhimishwa Jumapili ya pili ya Mei, na mwaka 2026 itakuwa tarehe 10. Kuelekea siku hiyo, kurasa za Instagram za maduka ya zawadi hujaa picha za maboksi yenye utepe, na chini yake maneno yaleyale: mfurahishe mama, bei njoo inboksi.

Mteja wa Mbagala mwenye mama Mwanza hawezi kufanya uamuzi kwa maneno hayo. Anataka kujua ndani ya boksi mna nini, ni shilingi ngapi, na akilipa leo litafika lini. Hilo la mwisho ndilo zito, maana zawadi ikifika Jumatatu lawama zote ni za duka.

Tarehe ya mwisho hupatikana kwa kuhesabu kurudi nyuma. Tuseme duka liko Sinza na mzigo unakwenda Mwanza kwa basi la alfajiri. Ukipanda Alhamisi, Ijumaa uko stendi, na Jumamosi inabaki akiba endapo basi litaharibika njiani. Ili uwahi basi hilo, lazima ukabidhiwe kwa wakala Jumatano jioni. Kikombe cha kuchapishwa jina nacho kinahitaji siku nzima. Basi oda za Mwanza zifungwe Jumanne mchana. Za Dar, ambazo bodaboda anazifikisha kwa saa chache, zinaweza kusubiri hadi Jumamosi.

Maelezo ya picha yangesomeka hivi:

"Zawadi ya mama: oda za Mwanza mwisho Jumanne 5 Mei saa 6 mchana, Dar mwisho Jumamosi 9 Mei saa 6 mchana. Kifurushi cha 45,000: doti ya khanga, kikombe chenye jina la mama na kadi. Cha 70,000: hivyo vyote, pamoja na chetezo na udi. Kufunga ni bure. Usafiri analipa mteja. Jina la khanga unachagua mwenyewe."

Tarehe zimetangulia kwa sababu Instagram huonyesha takriban herufi 125 tu, mengine hufichwa mpaka msomaji abonyeze. Sentensi ya khanga nayo ina kazi yake: zipo khanga zenye majina ya vijembe, na hakuna mama anayestahili kufungua zawadi akakuta kasemwa.

Picha ziwe mbili, boksi likiwa wazi na likiwa limefungwa. Ua kubwa la utepe linapendeza kwenye bodaboda, lakini kwenye buti la basi hulaliwa na magunia. Kwa mzigo wa mkoani ni bora utepe bapa, kikombe kizungushiwe magazeti, kisha boksi zima liingizwe kwenye katoni ngumu.

Tarehe isichapwe juu ya picha yenyewe. Maelezo hurekebishika baada ya kuwekwa, picha haibadilishiki. Jumanne saa 6 ikipita, muuzaji anafuta ya Mwanza na kuandika "Mwanza tumefunga".